Mposa si Posa: Namna ya Kufikia Maana ya Neno la Mapenzi katika Wimbo wa Kilingala



Nimeombwa nizungumzie nyimbo za Kikongo na maneno ya mapenzi yaliyomo. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nitachukua kifungu kimoja tu na kukaa nacho mpaka tukielewe. Kifungu chenyewe ni *nayoki mposa na yo*. Wengine hulitamka neno *mposa* bila ile *m* ya mwanzo, *posa na yo*, na hapo ndipo mkasa wetu unapoanzia. Kifungu hiki si mali ya mtunzi mmoja wala sikinukuu kutoka wimbo fulani. Ni maneno ya kila siku ya watu wa Kinshasa, na kwa sababu ni ya kila siku hujitokeza katika nyimbo nyingi.

Ninalotaka kusema ni hili. Sisi wa Katavi hatukosei maana ya Kilingala kwa sababu lugha ile iko mbali nasi. Tunakosea kwa sababu iko karibu. Mtu akisikia wimbo wa Kihindi anajua kwamba hajui, naye atauliza. Akisikia Kilingala, sikio lake linakamata neno hapa na neno pale, analiunganisha na Kiswahili chake, kisha anaondoka ameridhika na maana ambayo mwimbaji hakuiweka.

Jirani yupi aulizwe

Tuanze na jiografia, maana inaamua nani wa kumuuliza. Ukitoka hapa Mpanda kwenda magharibi unafika ziwani, Ikola au Karema, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Moba na Kalemie. Kwa hiyo inaonekana rahisi kwamba ukitaka maana ya wimbo wa Kikongo, umngoje mfanyabiashara aliyevuka na boti umuulize. Lakini watu wa Moba na Kalemie lugha yao ya sokoni ni Kiswahili, kile Kiswahili cha Kongo cha "niko na kazi" na "niko na kuja". Kilingala kilizaliwa mbali na hapo, kwenye Mto Kongo, katika biashara ya Wabobangi na majirani zao, na mwishoni mwa karne ya 19 kikachukuliwa na askari na maofisa wa dola ya kikoloni kuwa lugha ya amri. Baadaye Kinshasa ikakifanya lugha ya mji na ya muziki. Mtu wa Kalemie anaweza kukijua vizuri kwa sababu aliishi Kinshasa au alikuwa jeshini, na anaweza pia kuwa amekijua kama sisi tulivyokijua, yaani kwa kucheza rumba.

Hali ni hiyohiyo kwa majirani wengine. Wenzetu wa Katumba na Mishamo walitoka Burundi na lugha yao ni Kirundi. Wakongo wengi waliofika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu walitoka Kivu ya Kusini, ambako watu huzungumza Kibembe na Kiswahili. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mtu maana ya neno, muulize kwanza alikulia wapi na nyumbani kwao waligombana kwa lugha gani. Kwa lugha ambayo mtu hagombani kwayo, maelezo yake mengi yatakuwa ya kukisia.

Na sisi wenyewe tulikipata Kilingala kwa masikio. Redio ilituletea. Bendi za Wakongo zilizohamia Dar es Salaam, kama Orchestra Maquis na Orchestra Makassy, zilituzoesha gitaa lile, na Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, alijiunga na Makassy mwaka 1978 kabla ya kwenda Super Matimila. Lakini zilipokaa kwetu, bendi hizo ziliimba sana kwa Kiswahili, na Kilingala chenyewe kiliendelea kuja na santuri, kisha kaseti, na sasa simu. Hakuna mahali katika njia yote hiyo ambapo mtu alisimama akatufundisha sarufi.

Tukipasue kifungu

Sasa tukitazame. *Na-* mwanzoni ni "mimi", kama *ni-* yetu. *Yoka* ni kitenzi chenye maana ya kusikia, na pia kuhisi. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa, kwa sababu nasi tunasema "nasikia njaa", "nasikia baridi", "nasikia uchungu". Mfaransa anahitaji vitenzi viwili hapo. Sisi tunatumia kimoja, kama Mkinshasa. Kwa hiyo kamusi ikikuandikia kwamba *koyoka* ni kusikia kwa sikio, usidhani kwamba mwimbaji amesikia uvumi. Anasikia kitu mwilini na moyoni.

Irabu ya mwisho, ile *-i* katika *nayoki*, nayo imewapotosha wengi. Vitabu vya sarufi huiita hali timilifu, na mwanafunzi anaandika "nimesikia", kana kwamba jambo limekwisha. Fikirieni jinsi tunavyosema "nimechoka", "nimekaa", "nimevaa". Kiumbo ni hali timilifu, lakini kimaana ni hali ya sasa hivi: aliyesema "nimechoka" bado amechoka. Kilingala hufanya vivyo hivyo kwa vitenzi vya hali. *Nayebi* ni najua, *nalingi* ni napenda, *nayoki* ni nasikia, ninahisi, sasa.

Irabu hiyo mwisho wa kitenzi inabeba uhai wa mapenzi yote. *Nalingi yo* ni nakupenda. *Nalingaki yo* ni nilikupenda, na anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza imekuwaje. *Nalingaka yo* ni huwa nakupenda, jambo la kawaida yangu, ingawa *-aka* hiyo ikitamkwa kwa toni ya juu hurudi nyuma na kuwa ya zamani sana. Kilingala ni lugha ya toni. *Moto* likisemwa kwa toni tatu tofauti huwa mtu, kichwa, au moto wa kuwaka, na katika maandishi ya kawaida yote matatu huandikwa sawa. Mwimbaji anafuata ghani, na ghani inaweza kuimeza toni. Ndiyo maana hata Mkinshasa akisikiliza wimbo mpya husubiri ubeti uendelee kabla ya kuapa kwamba ameelewa.

Mwisho kuna *na yo*. *Yo* ni wewe. *Na* ni neno la kazi nyingi, linaweza kuwa "na", "pamoja na", "katika", na mbele ya neno la nafsi linafanya kazi ya "-a" yetu ya umilikaji. *Mposa ya mai* ni mposa ya maji, *mposa na yo* ni mposa yako. Sisi tukisikia *na yo* tunarukia "nawe", na kifungu kizima kinageuka kuwa "mposa pamoja nawe". Kumbe ni "mposa yako".

Yako kwa maana gani? Je, ni mposa uliyo nayo wewe, au mposa yangu juu yako? Kilingala hakisemi, na hata Kiswahili hakisemi. Tukisema "penzi lako linanitesa", msikilizaji lazima aamue kama ni penzi ulilo nalo wewe au nililo nalo mimi kwako. Katika kifungu chetu kitenzi ndicho kinachoamua. Aliyeanza na *na-*, "mimi nasikia", ndiye mwenye hisia, kwa hiyo wewe ndiye unayetamaniwa. Lakini mkikutana na *mposa na yo* peke yake, kwenye kiitikio kisicho na kitenzi, msifanye haraka. Rudini nyuma mkatafute kitenzi.

Posa yetu na mposa yao

Limebaki neno lenyewe. Tuseme kijana wa Makanyagio amesikia wimbo wenye kifungu hicho harusini. Amekamata "posa", amekamata "na yo", na ghani ni ya kubembeleza. Kwake mambo yamekwisha: mwimbaji ana posa na binti, amepeleka barua, mshenga amekwenda, kinachosubiriwa ni mahari. Anaupeleka wimbo kwa binti kwenye simu na kuandika chini yake kwamba naye amekuja na posa. Binti anaonyesha dada yake, dada anamwambia mama, na kabla ya jioni baba anauliza huyu mshenga ni nani na atafika lini.

Kwetu posa si hisia. Posa ni tendo, lina watu wake na utaratibu wake. Anayeposa anakwenda kwa wazazi, na neno lake linaweza kukubaliwa au kukataliwa mbele ya mashahidi. Unaweza kuposa bila hamu hata chembe, na watu wamefanya hivyo. *Mposa* ya Kilingala ni kinyume kabisa: ni hisia isiyo na mshenga. Haina tarehe, haina barua, wala haimfungi mtu kwa lolote. Mkinshasa akitaka kuzungumzia ndoa ana *libala*, na kitenzi chake ni *kobala*, kuoa au kuolewa. Kama mwimbaji angemaanisha uchumba, tungetegemea kuyasikia maneno hayo. Kutokuwapo kwake katika wimbo wa dakika nane ni ushahidi.

Hili si neno pekee linalotutegea. *Mwasi* kwao ni mwanamke au mke, kwa hiyo *mwasi na ngai* ni mke wangu, wala si mwasi aliyeniasi. *Pasi* ni maumivu. *Mawa* ni huzuni na huruma, na wapo wanaoyasikia kama maua. Mtu akiyachukua haya matatu kwa Kiswahili anaweza kujitungia wimbo mzima wa mwasi aliyeshika pasi akipewa maua, hali mwimbaji analia kwamba mkewe anamtia maumivu na anaomba huruma.

Kamusi imesema kweli, lakini nusu

Tumeacha kosa la kwanza, la kusikia posa yetu. Sasa kuna kosa la pili, nalo huwapata wasomi. Wanafungua kamusi. Kamusi nyingi za Kilingala ziliandikwa na kufasiriwa kwa Kifaransa, na *mposa* humo utakuta imefasiriwa kwa maneno ya kutaka, kuhitaji na kutamani. Msomi anavuka kutoka Kifaransa hadi Kiswahili na kutua kwenye "tamaa". Anaandika: "Ninahisi tamaa yako." Kila neno lina utetezi wake katika kamusi, na sentensi nzima imemharibia jina mwimbaji.

Kwa nini? Kwa sababu "tamaa" yetu imeelemea upande wa lawama. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mtu wa tamaa hatumwachii duka. Upande wa tumaini umebaki tu katika "kukata tamaa", ambako tamaa ni tegemeo la mtu. Kwa hiyo mwanamke wa Mpanda akiambiwa kwamba mtu ana tamaa naye, atasikia tusi au hatari.

Je, *mposa* ina lawama hiyo? Hapa ndipo njia ninayotaka kuwapendekezea inapoanza kufanya kazi. Usiulize neno lina maana gani. Uliza linakaa na nani. *Mposa ya mai* ni kiu, kiu ya kawaida ya mtu aliyetoka shambani. *Mposa ya kolala* ni hamu ya kulala. *Nazali na mposa ya komona yo* ni nina hamu ya kukuona, na mama anaweza kumwambia mwanawe aliye safarini. Neno linalotembea na maji, usingizi na mama haliwezi kuwa chafu kwa asili yake. Na wahubiri wanapotaka kukemea tamaa za mwili husema *mposa mabe*, mposa mbaya. Kama neno lenyewe lingekuwa baya, wasingehitaji kuliongezea ubaya.

Basi je, ni "hamu" tu na tumemaliza? Bado kidogo. Tazameni tofauti tuliyo nayo sisi wenyewe kati ya "nina hamu ya kukuona" na "nina hamu nawe". Ya kwanza unaweza kumwandikia shangazi. Ya pili huwezi. Kitenzi *kuona* kimeipa hamu kazi ya kufanya, nayo imetulia. Kikiondolewa, hamu inamwangukia mtu mwenyewe, mwili na roho. Kilingala kina mpaka huohuo. *Mposa ya komona yo*, yenye kitenzi, ni ya kila mtu. *Mposa na yo*, isiyo na kitenzi, inamlenga mtu mwenyewe, na mara nyingi husemwa na wapenzi walioachana kwa umbali au kwa ugomvi. Ina kumkumbuka mtu, kile ambacho vijana wetu siku hizi wanakiita "nimekumisi", na ina kutaka mwili wake uwe karibu, vyote viwili katika pumzi moja. Ukichagua "nimekukumbuka" peke yake umeondoa mwili. Ukichagua "ninakutamani" umeondoa ukiwa wa kuachwa. Kwao kifungu kimoja kinatosha kwa yote.

Neno dogo linalokuja mwisho

Kuna mtego wa sarufi ambao naona ni hatari kuliko yote, kwa sababu unageuza maana kuwa kinyume. Sisi tunakanusha mwanzoni. Ukisema "si-" katika "sikupendi", anayekusikiliza ameshajua habari ni mbaya kabla hujafika mwisho. Kilingala kinakanusha mwishoni, kwa kineno kifupi *te*. *Nalingi yo* ni nakupenda. *Nalingi yo te* ni sikupendi. *Nalingi yo lisusu te* ni sikupendi tena. Maneno yote ya mapenzi yamekaa mahali pake, moyo wako umeshafurahi, halafu *te* inakuja kwenye mdundo wa mwisho ambapo gitaa la solo linaingia na kuifunika.

Kifungu chetu nacho kiko hivyo: *nayoki mposa na yo te*. Aliyeikosa *te* atampelekea mpenzi wake wimbo wa kuachana akidhani ni wa kubembeleza. Utajuaje? Sikiliza mwisho wa mstari, si mwanzo. Rudisha kipande hicho mara kadhaa, na kama simu yako inaweza kupunguza mwendo, uupunguze. Kama mstari unaonekana kuwa na silabi moja zaidi ya ule ulioutarajia, silabi hiyo itafute mpaka uipate. Kisha tazama kama beti nyingine zinakubaliana na kukanusha. Kama kuna *pasi* na kuna *kotika*, yaani kuacha, basi shuku kwamba *te* ipo hata kama hukuisikia vizuri.

Nani anasema, na kwa nani

Tuseme tumepata maneno yote sawasawa. Bado hatujui nani anayasema. Kilingala, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika maneno ya nafsi. *Yo* ni wewe, uwe Juma au Asha. Na watunzi wa Kinshasa wana desturi ya siku nyingi ya kuvaa sauti ya mtu mwingine: mwanamume anaimba kama mke aliyetelekezwa, au kama jirani anayesuta. Sauti nzito ya kiume si ushahidi kwamba anayelalamika ni mwanamume. Ushahidi ni maneno kama *mobali na ngai*, mume wangu, au *mwasi na ngai*. Mkilisikia moja kati ya hayo, mmempata msemaji.

Mfano mnaoujua wote ni "Mario" wa Franco, wa mwaka 1985. Aliyeusikia kwa mbali aliona wimbo mtamu wenye jina la mvulana. Aliyesimuliwa kisa alijua kwamba unahusu kijana mwenye elimu anayekaa kwa mwanamke mtu mzima na kula jasho lake. Watanzania walikifuata kisa, na ndiyo maana leo tuna neno "marioo" kwa kijana anayelelewa na mwanamke. Hakuna kamusi ambayo ingewapa maana hiyo, kwa kuwa Mario ni jina tu la mtu. Walimtazama mtu huyo anafanya nini ndani ya wimbo, wakapata maana iliyo sahihi kabisa.

Kuna pia majina yanayotajwa katikati ya wimbo wa mapenzi. Msidhani kila jina ni la mpenzi. Kinshasa wana kitu wanachokiita *kobwaka libanga*, kutupa jiwe, yaani mwimbaji kumtaja tajiri au rafiki anayemlipa au anayemtegemea. Jina likirudiwa bila uhusiano wowote na kisa, na hasa likija na cheo au mji wa Ulaya, huyo ni mfadhili. Na wana *mbwakela*, neno la kurusha pembeni. Hapo waimbaji wetu wa taarabu wako nyumbani, maana ni mipasho: maneno yanaonekana ya mapenzi, lakini mlengwa anajua amepigwa. Kifungu chetu kinaweza kutumika hivyo, kikaimbwa kwa kejeli kwa mtu ambaye hakuna anayemtaka. Dalili yake ni sifa zilizopita kiasi, kicheko au maneno ya kusemwa yasiyoimbwa katikati ya muziki, na kurudia kifungu bila kukiongezea kitu kipya.

Maswali ya kumuuliza mjuzi

Mkishampata mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo, msimuulize "hii maana yake nini?" Atawapa neno moja, lile la kamusi, kwa sababu swali lenyewe linaomba neno moja. Muulizeni kwanza: ungeweza kumwambia mama yako maneno haya? Kwa *mposa na yo* wengi watacheka au watakunja uso, na hapo mmejua kwamba mwili umo ndani yake. Halafu muulizeni: ukiambiwa hivi, unajibu nini? Jibu lake litaonyesha kama kifungu ni ombi, ni taarifa au ni malalamiko. Mtu akijibu kwamba atakuja kesho, amekisikia kama mwito. Mwishowe mpeni kifungu mlichokiharibu makusudi, mweke *kobala* mahali pa *koyoka*, au *mabe* baada ya *mposa*, mumwangalie anavyoshtuka. Anaposhtuka ndipo mpaka wa neno ulipo.

Maswali haya yana kikomo. Mjuzi mmoja atawaeleza Kilingala cha umri wake na mtaa wake. Kinshasa hubadilisha maneno haraka, na kijana wa leo huenda akaona *mposa na yo* ni neno la santuri za babu yake. Kwa hiyo muulizeni mtu wa rika la mwimbaji. Wimbo wa mwaka 1985 haufasiriwi na kijana wa mwaka 2005 peke yake.

Basi tukiandikeje kwa Kiswahili?

Nimesikia pendekezo kutoka huko nyuma: "Nina kiu nawe." Limekaribia, na limeilinda ile *mposa ya mai*. Lakini kwetu kiu ya mtu ni lugha ya kishairi, na *nayoki mposa na yo* si ushairi kwa wenyewe, ni mazungumzo. "Nina hamu nawe" ni ya mazungumzo, lakini imebeba mwili kuliko ukiwa, na imeingiza "nawe" ambayo hatukuikuta kule. "Nimekukumbuka" imefanya kinyume chake.

Mimi ningeandika "Hamu yako imenishika." Nina sababu tatu. "Yako" inalinda ule utata wa *na yo*, kisha "imenishika" inauamua kwa namna ileile ambayo *na-* ya *nayoki* inauamua: mimi ndiye niliyeshikwa. "Imenishika" ni hali timilifu inayoeleza hali ya sasa, kama *-i* ile, na tunaitumia kwa homa na usingizi, vitu visivyotafutwa. Na "hamu" ikikaa bila kitenzi cha kuona inabaki na mwili wake bila kuanguka kwenye tamaa.

Tafsiri hiyo ni ya wapenzi waliotengana. Wimbo ukiwa ni wa kejeli, itakuwa kosa, na ningeandika kitu chenye dharau, kama "eti nina hamu nawe". Ukiwa na *te* mwishoni, itakuwa "wala sina hamu nawe", na hapo "nawe" naibakiza kwa sababu ugomvi ni wa ana kwa ana. Na kwa kijana wetu wa Makanyagio: kama nia yake ni ndoa, wimbo huo haumtoshi. Amtafute mshenga, aandike barua ya posa kwa Kiswahili, na wimbo auache upigwe ukumbini siku ya harusi, baada ya kuhakikisha kwamba hauna *te*.

Ndugu Mwenyekiti, hapo nimefika mwisho wa niliyoyaandaa. Kama kuna mwenye wimbo wake kwenye simu na anaubishia, alete tuusikilize pamoja, tuanze na mwisho wa mstari.